Ilibainika na Nani? Kuhariri Aya Moja ya Ripoti ya Mhandisi

Ripoti ya uhandisi inayoandikwa kwa Kiswahili nchini Tanzania mara nyingi huwa inakwenda kwa watu ambao si wahandisi: kamati ya ujenzi ya shule, mtendaji wa kata, diwani, mwalimu mkuu. Watu hao wakishaisoma hutakiwa kuamua jambo, kwa mfano kama kazi iendelee au isimame, na kama malipo yatoke au yazuiwe. Aya ifuatayo nimeitunga ili tuihariri pamoja. Jengo lake na takwimu zake ni za mfano, lakini kasoro zake zote ni za kawaida kwa yeyote anayesoma ripoti za ujenzi. Inahusu nguzo 12 za chini za jengo la ghorofa la madarasa.

> Baada ya kazi ya umwagaji wa zege kukamilika, ilibainika kuwa ubora wa zege katika baadhi ya nguzo haukuwa wa kuridhisha sana, jambo ambalo linaweza kuwa limesababishwa na mambo mbalimbali, ikiwemo uwezekano wa maji kuongezwa kwa kiasi fulani wakati wa uchanganyaji pamoja na umwagiliaji ambao huenda haukufanyika ipasavyo. Vipimo vilifanyika na ilionekana kuwa matokeo kwa ujumla yako chini kidogo ya kiwango kinachotakiwa, ingawa baadhi yalikuwa mazuri. Aidha, uchunguzi wa nyundo ulionyesha kuwa zege lina nguvu ya kutosha, hivyo inaaminika kuwa hali hiyo haina athari kubwa kwa usalama wa jengo. Hata hivyo, inapendekezwa kuwa hatua stahiki zichukuliwe na ufuatiliaji wa karibu ufanyike ili kuhakikisha tatizo halijirudii.

Aya hii haina kosa la sarufi, na ukiisoma kwa haraka inaonekana ni kazi ya mtu makini. Lakini mwalimu mkuu akimaliza kuisoma hajui ni nguzo zipi zenye tatizo, tatizo ni kubwa kiasi gani, nani aliligundua, na kesho asubuhi mafundi waambiwe nini. Mhariri mwenye haraka atatamani kuanza kukata: aondoe "kwa kiasi fulani", aondoe "huenda", aondoe "sana", na aya itapungua. Ukataji wa namna hiyo una hatari ambayo haionekani mara moja, kwa kuwa neno la kusitasita likiondolewa bila ushahidi kuletwa mahali pake, dai dhaifu hugeuka dai la uhakika. "Huenda umwagiliaji haukufanyika ipasavyo" inakuwa "umwagiliaji haukufanyika ipasavyo", na hapo mhariri ametoa ushahidi juu ya kazi ambayo hakuiona, dhidi ya mkandarasi ambaye hakupewa nafasi ya kujibu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumwomba mhandisi jalada, na kalamu isubiri. Katika mfano wetu jalada lina karatasi tatu zinazohusika: cheti cha maabara, daftari la saiti, na fomu ya vipimo vya nyundo. Daftari linaonyesha kwamba nguzo ya 1 hadi ya 8 zilimwagwa zege tarehe 4 Machi, na nguzo ya 9 hadi ya 12 tarehe 6 Machi. Michoro inataka zege la daraja la 25, yaani mchemraba wa zege wenye upande wa milimita 150 ukibanwa kwenye mashine baada ya siku 28 uhimili angalau niutoni 25 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kupasuka. Kila siku ya kumwaga, msimamizi alijaza kalibu tatu. Michemraba ya tarehe 4 ilipasuka kwenye 27.5, 28.0 na 26.4. Ya tarehe 6 ilipasuka kwenye 18.9, 20.3 na 19.6.

Tukiwa na takwimu hizo, turudi kwenye sentensi ya vipimo, kwa sababu ndiyo iliyoficha mengi kuliko zote. Mhandisi aliandika kwamba matokeo "kwa ujumla yako chini kidogo". Hakusema uongo. Alichukua michemraba yote sita, akapata wastani wa 23.45, akalinganisha na 25, na kweli tofauti inaonekana ndogo. Lakini wastani huo haumo katika nguzo yoyote ya jengo. Nguzo nane zina zege lenye wastani wa 27.3, ambalo limevuka kiwango, na nguzo nne zina zege lenye wastani wa 19.6, sawa na asilimia 78 ya kinachotakiwa. Mzigo wa madarasa ya juu hautagawanywa kwa wastani wa karatasi. Kila nguzo itabeba sehemu yake, na nguzo ya 9 haitasaidiwa na ubora wa nguzo ya 2. Maneno "kwa ujumla", "kidogo" na "baadhi yalikuwa mazuri" yalikuwa yanaficha makundi mawili tofauti kabisa. Mhariri hahitaji kuwa mhandisi ili kulitambua hilo. Inatosha kuuliza: "Kidogo ni ngapi, na baadhi ni zipi?" Jibu likija, maneno yenyewe huanguka bila kusukumwa.

Kuna tukio linalojulikana duniani ambalo linaonyesha jinsi maneno ya ukubwa yasiyo na namba yanavyoweza kumpita msomaji. Januari 2003, chombo cha anga cha Columbia kikiwa bado angani, wahandisi waliandaa maelezo kwa ajili ya wakuu wa NASA kuhusu kipande cha povu kilichogonga bawa wakati wa kuruka. Maelezo hayo yalirudia neno lenye maana ya "kwa kiasi kikubwa" mara kadhaa, kila mara kwa maana tofauti, na chini kabisa ya ukurasa ndipo ilipoandikwa kwamba kipande hicho kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, wakati majaribio waliyoyategemea yalitumia kipande cha inchi za ujazo 3. Povu lilikuwa kubwa mara 640 kuliko kilichowahi kupimwa. Columbia ilisambaratika tarehe 1 Februari pamoja na wanaanga wake saba, na bodi ya uchunguzi, katika ripoti yake ya Agosti mwaka huohuo, iliukosoa ukurasa huo waziwazi. Namba ilikuwapo, ila sentensi za juu yake zilimwelekeza msomaji kwingine.

Sasa tuiangalie kauli ya kutendwa. Kiswahili kina njia nyingi za kumwondoa mtendaji kwenye sentensi. Kuna kiambishi cha kutendwa, kama katika "inapendekezwa", ambacho angalau kinaacha nafasi ya kuuliza "na nani?". Kuna "vilifanyika" na "ilionekana", ambapo tendo linajitokea lenyewe kana kwamba hakuna mkono uliolitenda. Na kuna jina linalotokana na kitenzi, kama "umwagaji", "uchanganyaji" na "umwagiliaji", ambalo hufukia mtendaji, wakati na kiasi kwa pamoja. Aya yetu inazitumia zote. Wahandisi wengi huandika hivyo kwa sababu shuleni walifundishwa kwamba ripoti ya kitaalamu haina "mimi", na wengine kwa sababu wanajua ripoti inaweza kufika kwenye mgogoro wa mkataba. Hofu hiyo ya pili ni ya haki kabisa, na mhariri aiheshimu.

Hata hivyo si kila kauli ya kutendwa ifukuzwe. "Nguzo ya 9 hadi ya 12 zilimwagwa zege tarehe 6 Machi" ni sentensi nzuri, kwa sababu habari yake ni nguzo na tarehe. Jina la fundi aliyeshika ndoo haliongezi kitu. "Ilibainika" ni jambo lingine. Hapo aliyebaini ndiye uzito wa habari yenyewe, kwa kuwa kubaini kwa macho ya fundi na kubaini kwa mashine ya maabara ni vitu viwili. Jalada linajibu: ni maabara, tarehe 3 Aprili, siku ya 28 baada ya kumwaga. Kwa hiyo "ilibainika kuwa ubora haukuwa wa kuridhisha sana" inageuka kuwa "maabara ilipasua michemraba mitatu tarehe 3 Aprili ikapata wastani wa 19.6". Sentensi imepata mtendaji, na mtendaji huyo ameleta tarehe na namba bila kuombwa.

Sehemu ya sababu ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi. Mhandisi ametaja mambo mawili, maji na umwagiliaji, na yote mawili ameyafunika kwa "linaweza kuwa", "uwezekano" na "huenda". Mhariri akiyachukulia kwa usawa atakosea, kwa sababu ushahidi wake haulingani.

Kuhusu maji, daftari la saiti lina kipimo cha slampu, yaani ule mtihani wa kujaza zege kwenye koni ya chuma, kuinua koni, na kupima zege limeporomoka milimita ngapi. Masharti ya kazi hii yalitaka kati ya milimita 50 na 100. Tarehe 4 ilisomeka 70; tarehe 6 ilisomeka 140. Saruji ilikuwa ileile, vipimo vya ndoo vilevile, na hakuna dawa ya kulainisha zege iliyotumika. Zege lililoporomoka mara mbili ya lile la juzi yake lilikuwa na maji zaidi, na maji yakizidi kwa saruji ileile nguvu hushuka. Dai la maji, basi, lina mguu wa kusimamia. Lakini nani aliyazidisha? Daftari linasema usiku wa tarehe 5 mvua ilinyesha na mchanga ulikuwa nje bila turubai. Mchanga uliolowa huingiza maji kwenye mchanganyiko hata kama fundi hakuongeza hata kopo moja. Inawezekana fundi aliongeza, inawezekana hakuongeza, jalada halisemi. Hapa ndipo mhandisi alipokimbilia "maji kuongezwa", na ndipo mhariri anapopaswa kumpa njia ya tatu ambayo si kulaumu wala si kuficha: fanya kipimo kiwe ndicho kiima cha sentensi. "Slampu ya asubuhi hiyo ilikuwa milimita 140, juu ya kikomo cha 100." Sentensi hii ni ya kutenda, haisiti, haimshtaki mtu, na mkandarasi hawezi kuikana kwa sababu saini yake ipo kwenye ukurasa uleule wa daftari.

Umwagiliaji ni habari nyingine kabisa. Umwagiliaji unaozungumzwa ni ule wa nguzo zenyewe, kuzilowesha kwa siku kadhaa ili saruji iendelee kukomaa. Michemraba ya maabara haikumwagiliwa pamoja na nguzo. Ilitolewa kwenye kalibu siku iliyofuata ikatumbukizwa kwenye tangi la maji mpaka siku ya kupasuliwa. Hata kama nguzo zisingepata tone moja la maji, michemraba ile isingejua. Kwa hiyo umwagiliaji mbaya hauwezi kuwa sababu ya 19.6, na hakuna neno la kusitasita linaloweza kuliokoa dai hilo. Nalo linakatwa. Ikiwa daftari lingeonyesha kwamba nguzo ziliachwa kavu, jambo hilo lingestahili sentensi yake peke yake, kama tatizo la pili linaloweza kuzifanya nguzo ziwe dhaifu kuliko michemraba. Daftari halionyeshi hivyo. Linaonyesha nguzo zilizungushiwa magunia na kuloweshwa kwa siku saba.

Ninasisitiza mfano huu kwa sababu dai lisilo na ushahidi mara nyingi huingia kwenye ripoti kwa mazoea. Kila ripoti ya zege dhaifu hutaja umwagiliaji, basi na hii imetaja. Swali la mhariri kwa kila sababu iliyotajwa liwe moja: sababu hii ingewezaje kukifikia kipimo hiki? Mhandisi akishindwa kuchora njia hiyo kwa kidole, sababu haina nafasi.

Swali hilohilo linapaswa kuelekezwa kwenye michemraba yenyewe, maana mchemraba usioshindiliwa vizuri hutoa namba ndogo hata kama zege ni zuri. Cheti kinaonyesha uzito wa kila mchemraba, na yote sita iko kati ya kilo 7.9 na 8.1. Mchemraba wa milimita 150 ulioshindiliwa sawasawa huwa karibu na kilo 8. Wenye mapovu ya hewa ndani ungekuwa mwepesi kwa namna inayoonekana kwenye mizani. Sentensi moja fupi kuhusu uzito inazuia hoja ambayo mkandarasi angeileta wiki ijayo.

Sasa nyundo. Nyundo ya kupimia ugumu wa zege ina chuma kinachosukumwa na springi, kikagonga uso wa zege na kurudi nyuma. Kadiri uso ulivyo mgumu ndivyo kinavyorudi zaidi. Inapima ugumu wa tabaka la juu tu, na usomaji wake hubadilika kwa unyevu, kwa umri wa zege, kwa ulaini wa mbao za fomu na hata kwa mwelekeo wa kugonga. Chati iliyobandikwa kwenye nyundo hubadilisha usomaji kuwa nguvu, lakini chati hiyo haikutengenezwa kwa kokoto na saruji za saiti hii. Kuutafsiri usomaji kuwa nguvu inayotegemewa kunahitaji kwanza kulinganisha nyundo na sampuli zilizokatwa kwenye zege lenyewe, na hilo halijafanyika. Dai kwamba "zege lina nguvu ya kutosha" kwa hiyo halina msingi, na linapingana na matokeo ya maabara yaliyo sentensi moja juu yake.

Hata hivyo mhariri asiitupe fomu ya nyundo. Usomaji wa wastani kwenye nguzo ya 1 hadi ya 8 ni 34, na kwenye nguzo ya 9 hadi ya 12 ni 27, mbao za fomu zilezile, siku ileile, mkono uleule. Kwa kulinganisha nguzo na nguzo, nyundo inafaa, na inachosema ni kwamba udhaifu uko kwenye nguzo zenyewe na hauko kwenye michemraba peke yake. Dai kubwa lisilosimama limegeuka dai dogo linalosimama, nalo linamfaa msomaji zaidi.

Inabaki "inaaminika kuwa hali hiyo haina athari kubwa kwa usalama wa jengo". Nilipendekeza hapo juu kumuuliza mhandisi kila mara "nani?", na hapa jibu huwa kimya kidogo. Anayeamini ni mhandisi, lakini hajapiga hesabu. Ili aseme nguzo ni salama lazima msanifu wa miundo achukue mzigo wa kila nguzo kati ya hizo nne na kuukokotoa upya kwa 19.6 badala ya 25. Inawezekana nguzo zikafaulu, maana ukubwa wa nguzo na nondo zake mara nyingi huacha akiba. Inawezekana zisifaulu. Kusitasita kwa namna hii ni kwa kweli, na mhariri hatakiwi kukufuta. Anatakiwa kukuhamisha kutoka kwenye "inaaminika" na "kubwa" hadi kwenye sentensi inayosema nini hakijajulikana na kitajulikana kwa njia gani. Tofauti ya shaka ya kujilinda na shaka ya kitaalamu iko hapo hapo: ya pili inaweza kusema ni kipimo gani kitakachoiondoa.

Mapendekezo nayo yafuate. "Hatua stahiki" na "ufuatiliaji wa karibu" hayana mtu, kitendo wala tarehe. Mhandisi akiulizwa ana kwa ana hujibu bila kusita kwamba slabu isimwagwe juu ya nguzo hizo, kwamba atakata sampuli za mviringo kwenye nguzo, na kwamba anamsubiri msanifu. Yote haya alikuwa nayo kichwani. Aya ikakosa kuyapokea.

Baada ya maswali hayo, aya inaweza kuandikwa hivi:

> Zege la nguzo ya 9 hadi ya 12, lililomwagwa tarehe 6 Machi, halikufika daraja la 25. Tarehe 3 Aprili maabara ilipasua michemraba mitatu ya siku hiyo na kupata 18.9, 20.3 na 19.6 N/mm², wastani wa 19.6, sawa na asilimia 78 ya kiwango. Nguzo ya 1 hadi ya 8, zilizomwagwa tarehe 4 Machi, zilipata wastani wa 27.3 na zinakubalika. Uzito wa michemraba yote ni kati ya kilo 7.9 na 8.1, hivyo sioni dalili kwamba ilishindiliwa vibaya. Vipimo vya nyundo vinaonyesha tofauti hiyohiyo kwenye nguzo zenyewe (wastani wa 34 na 27), ingawa havitoshi kukadiria nguvu ya zege. Slampu ya tarehe 6 Machi ilikuwa milimita 140, juu ya kikomo cha 100. Mchanganyiko ulikuwa na maji yaliyozidi, na mchanga ulikuwa umenyeshewa usiku uliotangulia, lakini kumbukumbu hazionyeshi kama maji mengine yaliongezwa wakati wa kuchanganya. Bado sijui kama nguzo hizi nne zinaweza kubeba mzigo uliokusudiwa. Msanifu wa miundo atazikokotoa upya ifikapo tarehe 17 Aprili, na kabla ya hapo nitakata sampuli tatu kutoka nguzo hizo na kuzipeleka maabara. Mkandarasi asimwage slabu inayokaa juu ya nguzo ya 9 hadi ya 12 mpaka nitoe kibali cha maandishi.

Aya mpya ni ndefu kuliko ya kwanza, na hilo si kasoro. Maneno ya kujaza yametoka na ukweli umeingia. Kauli za kutendwa zimebaki mahali tarehe ina uzito kuliko mtu. "Bado sijui" imebaki pia, na mara nyingi ndiyo sentensi ambayo mhandisi ataomba iondolewe kabla ya kutia saini, akisema inamfanya aonekane mzembe. Mhariri aitetee kwa kumwonyesha sentensi inayofuata: shaka hiyo ina jina la atakayeishughulikia, ina tarehe, na wakati huo hakuna zege jipya linalowekwa juu yake. Akiendelea kukataa, abadili maneno apendavyo, mradi tu "inaaminika" isirudi.

Rasimu ikisharudi kwa mhandisi, kila namba aihakiki yeye mwenyewe dhidi ya cheti, si mhariri. Katika kunakili, 19.6 hugeuka 16.9 kwa wepesi wa ajabu, na sentensi iliyo wazi hulibeba kosa hilo kwa uwazi uleule.